Barua Ndefu, Sentensi Mbili

Maelezo yaliyotolewa kwa wakazi kabla ya kikao cha kukusanya maoni kuhusu bajeti

Barua ya maoni ikiwa ndefu, karani huifupisha ili ienee kwenye jedwali lake, na mara nyingi kinachopotea ni kile mkazi alichotaka kusema. Ni heri mkazi aifupishe mwenyewe. Tazameni mfano huu wa kubuni:

“Mimi ni mama wa watoto wanne na nimeishi hapa tangu usichana, na kwa kweli tumechoka. Ile pampu ya kisima cha soko iliharibika Machi, ndiyo, tarehe 4, ilikuwa siku ya soko, na fundi alikuja akaangalia akaenda zake, hatujamwona tena. Sasa tunanunua maji ya mkokoteni, mtungi wa lita 20 shilingi 30, na kisimani tulikuwa tunalipa shilingi 5 tu, sasa unafua au unapika, huwezi vyote. Tunaomba serikali iliangalie jambo hili kwa jicho la huruma.”

Kazi huanzia mwisho, kwenye ombi. “Iliangalie” haimwambii afisa afanye nini. Anayefupisha hapaswi kukisia. Humuuliza mama mwenyewe, naye hujibu: pampu itengenezwe.

Kisha hupigiwa mstari yale ambayo afisa anaweza kwenda kuyathibitisha: kisima, tarehe, fundi na bei mbili. Idadi ya watoto na miaka ya kuishi hapo huachwa, kwa kuwa ombi linasimama bila hayo. Kama mama hana hakika na tarehe, huandikwa “mapema Machi”. Shaka yake isigeuzwe kuwa uhakika.

Mwisho hutafutwa maneno ambayo ni yeye tu angeyasema hivyo. Hayo hayaguswi. Matokeo ni haya:

“Pampu ya kisima cha soko iliharibika tarehe 4 Machi, fundi akaja akaangalia akaenda zake, na mtungi wa lita 20 uliokuwa shilingi 5 sasa tunaununua kwa mkokoteni shilingi 30. Unafua au unapika, huwezi vyote, kwa hivyo tunaomba pampu itengenezwe.”

Jina la soko na la wadi huandikwa juu ya barua.

Kosa la kawaida ni kuandika: “Wakazi wanakabiliwa na changamoto za maji. Wanaomba hatua za haraka.” Ni fupi kweli, lakini kijiji chochote kingeweza kuituma, na mama hamo ndani yake.

Kipimo ni viwili. Mtu asiyeijua habari asomewe, kisha aulizwe ni nini kimeharibika, lini, na kinaombwa nini. Halafu mama asomewe. Akisita kwenye neno lolote, neno hilo si lake, na lake lirudishwe.

Barua ikiwa na maombi mawili, isilazimishwe. Ziandikwe barua mbili.