Kubeti Pande Zote: Hesabu ya Faida ya "Uhakika" na Mahali Inapovuja

Arbitraji katika kubeti ni kuweka dau kwa kila matokeo ya mechi moja, kila dau kwenye kampuni inayotoa odi kubwa zaidi kwa tokeo hilo, ili malipo yawe yaleyale mechi iishe vyovyote vile. Anayefanya hivyo hatabiri chochote, bali hununua tofauti ya bei. Mchuuzi anayetoa ndizi Mosocho na kuziuza Kisumu hufanya kazi ya namna hiyo, isipokuwa yeye hutoa nauli kwanza ndipo akahesabu faida. Wengi wanaobeti pande zote husahau nauli.

Mfano wa kubuni utatosha. Shabana inaikaribisha Gor Mahia katika uwanja wa Gusii, mjini Kisii. Kampuni ya kwanza inatoa odi ya 3.40 kwa ushindi wa Shabana, ya pili 3.20 kwa sare, na ya tatu 2.70 kwa ushindi wa Gor Mahia. Kipimo cha kujua kama pengo lipo ni kugawa moja kwa kila odi, kisha kujumlisha majibu:

```
1/3.40 + 1/3.20 + 1/2.70 = 0.294 + 0.3125 + 0.370 = 0.977
```

Jumla ikizidi 1, kama ilivyo karibu kila mara ndani ya kampuni moja, ziada hiyo ni faida ya kampuni. Ikipungua 1, pengo lipo. Mwenye shilingi 10,000 angeweka 3,010 kwa Shabana, 3,199 kwa sare na 3,791 kwa Gor Mahia. Tokeo lolote lingemrudishia takriban 10,235, yaani faida ya shilingi 235. Hesabu hiyo haina kosa, lakini inachukulia kwamba madau yote matatu yatakubaliwa, yatabaki halali hadi mwisho, na pesa zitatoka bila gharama.

Kikwazo cha kwanza ni kikomo cha dau. Kila kampuni ina kiwango cha juu inachokubali, na kiwango hicho huwa kidogo kwenye ligi ndogo kuliko kwenye ligi kuu ya Uingereza. Zaidi ya hapo, kampuni inaweza kumwekea mteja mmoja kikomo chake peke yake bila kumweleza sababu. Tuseme madau mawili ya kwanza yamekubaliwa, na kampuni ya tatu inakubali shilingi 1,000 tu badala ya 3,791. Gor Mahia ikishinda, zinarudi 2,700 kati ya 7,209 zilizotumika, na hasara ni 4,509. Kuanzia hapo mtu huyo ni mcheza kamari kama wengine, tena aliyebeti dhidi ya Gor Mahia bila kukusudia. Ndiyo maana wazoefu huanza na dau wanalohofia litakataliwa, kisha huweka yaliyobaki. Hilo hupunguza hatari ya siku moja tu, na kikomo chenyewe hakiondoki.

Kampuni humtambua mteja wa aina hii kwa urahisi. Mteja wa kawaida wa Kenya huunda mkeka wa mechi nyingi kwa dau dogo na kutumaini malipo makubwa. Anayeweka shilingi 3,791 kwenye mechi moja ya ligi ya nyumbani, asiyegusa mkeka wala jakipoti, na ambaye odi alizochukua hushuka kila mara muda mfupi baadaye, amekwisha kujitaja. Wapo wanaozungusha madau kuwa 3,800 ili wasishtukiwe, lakini odi walizochukua bado zinawasaliti. Kufungua akaunti mpya kwa laini ya ndugu ni kuvunja masharti, na akaunti ya namna hiyo inaweza kufungwa pesa zikiwa ndani.

Kikwazo cha pili ni odi iliyokosewa. Kampuni nyingi hununua odi kutoka kwa wasambazaji wachache, hivyo bei zao hufanana, na tofauti kubwa inapojitokeza mara nyingi ni kosa: odi za mwenyeji na mgeni zimebadilishwa nafasi, nukta imeteleza, au bei haijafuata bao lililokwisha kufungwa. Masharti ya kampuni kwa kawaida huiruhusu kufuta beti iliyotokana na kosa la wazi, hata baada ya mechi kwisha. Katika mfano wetu, kama odi ya 2.70 ilikuwa kosa na Gor Mahia imeshinda, kampuni ya tatu inarudisha 3,791 tu. Madau mengine mawili yamekwisha kupotea, na hasara ni 6,209, sawa na faida ya mechi 26 zilizokwenda sawa.

Huko New Jersey, Marekani, mnamo Septemba 2018, kampuni ya FanDuel ilitoa kwa makosa malipo ya 750 kwa 1 kwa timu iliyokuwa karibu kushinda. Mteja aliyeweka dola 110 alikataliwa kwanza dola zake 82,000 na zaidi, kisha akalipwa baada ya kelele za umma. Aliyebeti kwenye mechi ya Shabana asitegemee kelele hizo. Dalili ya kosa ni rahisi: kampuni moja ikiwa mbali na zote nyingine, hilo si pengo la kuchukua.

Kikwazo cha tatu ndicho kizito zaidi, nacho ni mwendo wa pesa. Pengo hudumu dakika chache, kwa hiyo pesa lazima ziwe tayari kwenye akaunti zote tatu. Baada ya mechi, akaunti mbili ni tupu na moja imejaa, na kazi haiwezi kurudiwa hadi pesa zihamishwe. Uhakiki wa kitambulisho au uchunguzi wa akaunti unaweza kuchelewesha malipo kwa siku kadhaa, na siku hizo mtaji umelala. Salio lililo kwenye akaunti pia ni deni ambalo kampuni inadaiwa, na kampuni yenyewe inaweza kusimama. Julai 2019 bodi ya leseni, BCLB, ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27, na nambari zao za malipo za M-Pesa zikaagizwa kufungwa. Kabla ya mwaka huo kwisha SportPesa na Betin zilikuwa zimesimamisha shughuli zao nchini, ingawa SportPesa ilirudi baadaye.

Hata malipo yakifika kwa wakati, kodi ipo. Tangu 1 Julai 2025, Sheria ya Fedha ya mwaka huo hutoza asilimia 5 ya pesa zinazoingizwa kwenye akaunti ya kubeti na asilimia 5 ya zinazotolewa. Gor Mahia imeshinda, na akaunti ya tatu ina 10,236. Ili nyingine mbili zirudishiwe 6,209, lazima ziingizwe 6,536, na ili 6,536 zifike mkononi lazima zitolewe 6,880. Akaunti ya tatu inabaki na 3,356. Jumla ya mtaji sasa ni 9,565: beti imefaulu kikamilifu, na shilingi 435 zimekwenda, kabla ya ada yoyote ya M-Pesa.

Mwenye mtaji mkubwa anaweza kuziacha pesa mahali zilipo, akingoja ushindi ujigawe wenyewe kati ya kampuni. Lakini huyo ndiye anayebakiza pesa nyingi zaidi mikononi mwa kampuni, na vikomo vya dau havimruhusu kuutumia mtaji huo wote. Kwa mwenye shilingi 10,000, gharama ya kuhamisha pesa ni karibu asilimia 7 kila mzunguko. Pengo lililo chini ya hapo linaliwa na kodi, na pengo lililo juu ya hapo kwa kawaida ni odi iliyokosewa, ambayo kampuni ina haki ya kuifuta.