Saa Kumi Mbili za Moyo

Msikilizaji, tumchukue mama mmoja. Kabla hajatoka kitandani saa kumi alfajiri, amehesabu mapigo 62 kwa dakika. Saa kumi alasiri, baada ya chakula cha mchana na kurudi sokoni kwa miguu, anapata 78. Anashtuka: moyo umeanza kuharibika?

La. Usingizini, neva ya vagasi huushikia moyo breki, na mapigo hushuka hadi chini kabisa usiku wa manane kuelekea saa kumi alfajiri. Kunapokucha, breki inalegea na homoni za kuamsha mwili, kotisoli na adrenalini, zinapanda. Joto la mwili nalo hupanda taratibu hadi kilele chake alasiri au jioni. Kila nyuzi moja ya ziada huongeza takriban mapigo 10 kwa dakika, kwa hiyo nusu nyuzi tu inatoa mapigo kama matano. Mengine yanatokana na tumbo linalodai damu ya kusaga chakula, jua, na ile safari ya sokoni.

Kosa la mama yetu ni kulinganisha saa kumi mbili zisizofanana. Alinganishe alfajiri na alfajiri. Alasiri, akae kwanza dakika tano, aweke vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, ahesabu dakika nzima. Akiwa ametulia hivyo na bado mapigo yanazidi 100 mara kwa mara, au yanarukaruka bila mpangilio, aende kituo cha afya.