Picha Isifichue Nyumba ya Aliyeipiga
(Matini ya mazungumzo na wakazi wa kata)



Fikirini mkazi aliyeona gari la kunyonya majitaka likimwaga uchafu mtaroni usiku. Akiwa kibarazani kwake, akapiga picha tatu kwa simu, akaziweka kwenye folda ya Google Drive, kisha akampelekea mwenyekiti wa mtaa kiungo bila kutaja jina lake popote. Kiungo kikasambazwa katika kundi la mtaa, ambamo dereva wa gari lile naye yumo.

Jina halikutajwa, lakini nyumba ilijulikana. Kamera ya simu iliyoruhusiwa kurekodi mahali huandika ndani ya faili latitudo na longitudo, pamoja na saa na aina ya simu. Namba hizo huonyesha aliposimama mpigapicha, si palipomwagwa uchafu. Tarakimu ya nne baada ya nukta huonyesha umbali wa takriban mita 11, hivyo kibaraza hutambulika.

Wengi hawalitarajii jambo hili kwa kuwa picha inayotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa na kuondolewa taarifa hizo. Ikitumwa kama hati, au ikipakuliwa kupitia kiungo cha Google Drive, hufika ikiwa faili halisi, pamoja na yote yaliyomo.

Mwenye kompyuta ya Windows na picha ya JPEG abonyeze faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, achague Properties, kisha Details, kisha Remove Properties and Personal Information. Hapo achague Create a copy with all possible properties removed na kubonyeza OK.

Hapa ndipo wengi hukosea. Nakala safi hutokea katika folda ileile yenye picha halisi, na anayepakia folda nzima hupeleka zote mbili. Nakala ihamishiwe kwenye folda mpya, kisha ifunguliwe tena sehemu ya Details. Kipengele cha GPS kikiwa bado kipo, kazi haijakamilika. Picha halisi ibaki kwa mwenyewe, kwani saa iliyomo yaweza kuhitajika kama ushahidi.

Asiye na kompyuta aifungue picha kwenye simu, apige picha ya skrini, na kutuma hiyo. Ubora hupungua kidogo, lakini mahali pa kamera hapamo. Kuzima kurekodi mahali katika mipangilio ya kamera hulinda picha zijazo tu. Za zamani hubaki zilivyo.

Ofisi ya kata bado huhitaji kujua mahali. Mtoa taarifa aandike kwa maneno palipomwagwa uchafu: jina la mtaro, daraja au njia iliyo karibu. Aangalie pia picha yenyewe, kwa maana nguzo ya kibaraza ikionekana pembeni, hakuna kitufe cha kompyuta kitakachoiondoa.