Sigara ya Kwanza Haiji Peke Yake

(Hotuba ya Afisa Habari wa Halmashauri kwa wanafunzi wa sekondari, asubuhi mstarini)



Wengi wenu mmezaliwa katika kaya zinazolima tumbaku. Mnafahamu kwamba anayevuna majani yenye umande, mikono mitupu, aweza kurudi nyumbani na kizunguzungu, kichwa kikimuuma, akitapika. Kinachomwangusha ni nikotini, sumu iliyomo kwenye jani, ambayo hupenya ngozi na kuingia katika damu.

Sasa mtazameni kijana anayevuta sigara kwa mara ya kwanza nyuma ya madarasa. Anakohoa, anaona kizunguzungu, tumbo linamchafuka. Sumu ni ile ile, ila safari hii imepitia mapafuni, na huufikia ubongo kwa sekunde chache tu. Wenzake wanacheka na kumwambia kwamba atazoea. Hapo wanasema kweli, na ndiyo hatari yenyewe. Mwili ukizoea huacha kukataa, kisha huanza kudai. Baada ya saa mbili hivi, nusu ya nikotini huwa imekwisha kutoka katika damu. Mvutaji aliyekwisha kuzoea hukosa utulivu darasani, akisubiri kengele ya mapumziko.

Mwaka 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, walichapisha uchambuzi wa takwimu za watu zaidi ya 200,000 kutoka nchi nne. Kati ya kila watatu waliowahi kujaribu sigara, takribani wawili walifikia kuvuta kila siku, japo kwa kipindi fulani. Hakuna hata mmoja wao aliyejua, siku ile ya kwanza, atakuwa yupi.

Mbona basi rafiki akung'ang'anize? Mara nyingi si kwa chuki. Mwenye kosa huona limepungua uzito akipata wa kushirikiana naye. Ndiyo maana sigara hutolewa mbele ya kundi, ili aibu ikusukume kabla hujafikiri. Usijadiliane, kwa kuwa kila sababu utakayotoa itapata jibu. Sema, "Mimi situmii," kisha ondoka. Ukiweza, ondoka na mwenzako mmoja, kwani mara nyingi yupo mwingine pale asiyetaka, anayengoja wa kumtangulia.

Aliyekwisha kujaribu asijione amepotea. Aache leo, kabla mwili haujaanza kudai, na amweleze mwalimu wa malezi au mhudumu wa zahanati.

Nanyi wazazi na wenye maduka mtakaosoma maneno haya, kumbukeni kwamba sheria ya bidhaa za tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia sigara aliye chini ya miaka 18. Mtoto akitumwa sigara na baba yake, arudi mikono mitupu. Baba aje mwenyewe.