Mfadhili Akiondoka, Maji Yaendelee Kutoka

Mada iliyotolewa kwa niaba ya Kamati ya Maji ya chama chetu katika Mkutano Mkuu wa mwaka na harambee



Mwaka huu kamati yenu haiombi kisima kipya. Tunaomba fedha za kumaliza vizuri kile tulichojengewa. Ufadhili unakwisha baada ya miezi kumi na minane, na tunataka mkijue kinachotusubiri siku ya pili yake.

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1971 Serikali ilipanga kwamba ndani ya miaka ishirini kila mwananchi wa kijijini apate maji karibu na nyumbani kwake, ndani ya mita 400, na maji hayo yalikuwa bure. Mashine nyingi zilifungwa, ila hapakuwekwa mtu wa kulipa zinapoharibika. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ikahamishia mzigo huo kwa wananchi. Hata hivyo, ripoti ya shirika la WaterAid ya mwaka 2009 ilionyesha kwamba karibu nusu ya vituo vya maji vijijini nchini havikuwa vikitoa maji, na kwamba robo ya vituo vyenye umri wa miaka miwili tu vilikuwa vimekwisha kufa. Vituo vya miaka miwili havikufa kwa uzee. Vilikosa mwenyewe.

Na sisi tulichangia hesabu hiyo. Kisima chetu cha kwanza kilikuwa cha injini ya dizeli. Utepe ulikatwa, tukala, mfadhili akaaga. Pampu ilipokufa, fundi aliuliza mambo matatu: kisima kina urefu gani, maji yanatulia kina gani, na pampu ilitundikwa mita ngapi. Hakuna aliyejua. Taarifa ya uchimbaji ilibaki kwenye faili la watu waliokwisha ondoka. Pampu iliyonunuliwa kwa kukisia haikuweza kusukuma maji mpaka kwenye tangi, na kina mama wakarudi kufukua mchanga mtoni.

Kisima cha sasa kinatumia sola, na hapo ndipo penye mtego mpya. Injini ya dizeli ilidai mafuta kila wiki, kwa hiyo kila mtu alijua kwamba maji yana gharama. Jua halileti ankara. Pampu inaweza kufanya kazi miaka saba watu wakiamini kwamba maji hayagharimu kitu, kisha gharama yote ikaja siku moja.

Tuchukue mfano wa hesabu tuliyoipiga pamoja na kamati ya kijiji. Ndoo ya lita 20 ni shilingi 50. Miezi saba ya kiangazi tunakadiria kuuza ndoo 900 kwa siku, sawa na shilingi 1,350,000 kwa mwezi. Miezi mitano ya masika mauzo yanashuka hadi ndoo 300, kwa sababu watu wanakinga maji ya bati na kuchota malamboni. Hapo ni shilingi 450,000 kwa mwezi. Wauzaji wa vituoni wanachukua moja ya tano ya mauzo. Fundi, mtunza hesabu na mlinzi wa sola wanalipwa jumla ya shilingi 350,000 kwa mwezi, na matengenezo madogo ni 80,000.

Mkizitoa gharama hizo, kila mwezi wa kiangazi unabakiza shilingi 650,000, na kila mwezi wa masika unapungukiwa 70,000. Mwaka mzima unabakiza 4,200,000. Fedha hizo zinaonekana kuwa faida, lakini si faida. Pampu na kifaa chake cha kuiendesha tumekadiria milioni 14 kila miaka saba, yaani milioni mbili kwa mwaka. Ukiongeza gharama ya kuivuta na kuishusha, mabomba, koki, dira, tangi na paneli zitakazochakaa, akiba inayotakiwa kwa mwaka ni 4,100,000. Tunabaki na laki moja tu.

Sasa fikirini kwamba mtu anaomba kura kwa ahadi ya kushusha ndoo hadi shilingi 30. Maji yataendelea kutoka, mishahara italipwa, na kijiji kitamsifu. Lakini akiba ya mwaka itashuka kutoka milioni nne na ushee hadi chini ya laki tano. Hakuna atakayeona tofauti mpaka pampu ife, na mtu huyo huenda hatakuwapo tena madarakani.

Kwa hiyo mpango wetu wa kumuaga mfadhili una mambo matatu.

La kwanza ni mwenye mradi. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Namba 5 ya mwaka 2019 iliunda Wakala wa Maji Vijijini, RUWASA, na inataka skimu isimamiwe na chombo cha jamii kilichosajiliwa. Makabidhiano yatafanywa kwa chombo hicho, RUWASA ya wilaya ikiwa shahidi, na bei ya maji ipitie kwao. Yatakayokabidhiwa ni pamoja na taarifa ya uchimbaji, majibu ya vipimo vya maji, ramani ya mabomba na namba za pampu. Nakala moja ibaki ofisi ya kijiji, nyingine wilayani, nyingine kwetu.

La pili ni akaunti mbili za benki. Moja ni ya matumizi ya kila mwezi, nyingine ni ya kubadilisha mashine. Kila mwezi wa kiangazi shilingi 600,000 zihamie akaunti ya pili kabla ya kikao chochote kukaa. Shilingi 50,000 zinazobaki zitakusanyika kufikia 350,000, ambazo zinaziba upungufu wa masika. Salio la akaunti zote mbili lisomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji.

La tatu ni majaribio. Mwaka wa mwisho mfadhili alipe nusu ya mishahara kwa miezi sita, kisha asilipe kitu miezi sita inayofuata, masika yakiwamo, angali yupo. Kama kuna mahali patakapovuja, pavuje tukiwa pamoja.

Katika miezi hiyo fundi asome dira kila jioni na aandike. Siku za jua kali zikitoa maji pungufu wiki baada ya wiki, asafishe paneli kwanza. Hali ikiendelea, apime kina cha maji pampu ikifanya kazi, alinganishe na kile cha kwenye taarifa. Kikiwa kimeshuka, kisima kinazidiwa. Tupunguze saa za kusukuma. Kikiwa palepale, kosa liko kwenye pampu au bomba linavuja ndani. Bila daftari na ile taarifa, atakisia kama tulivyokisia sisi.

Kuna jambo ambalo mpango huu hauliwezi. Maji yakikauka chini, au chumvi au floraidi ikizidi, akiba yetu haitoshi kuchimba kisima kingine. Hapo tutaihitaji Serikali, na ndiyo maana hatuwezi kujitenga na RUWASA.

Tunachoomba leo ni mchango wa kuanzisha akaunti ya pili kwa shilingi milioni nne, sawa na akiba ya karibu mwaka mmoja, ili hitilafu ya mapema isitukute mikono mitupu. Fedha hizo hazitalipa mshahara wala posho. Kadi za ahadi ziko mezani, na mkutano ujao tutawasomea salio.