Muungano Usio Ndoa: Binti wa Chini ya Miaka 18 Mbele ya Sheria ya Kenya



Pana hoja inayopata wafuasi miongoni mwa wanasheria wa familia, tena watu ninaowaheshimu, nami nimeiweka moyoni kwa muda mrefu. Wanasema kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 ilimwonea binti yule yule iliyotaka kumlinda. Kifungu cha 4 kinasema mtu asioe wala kuolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Kifungu cha 11 kinaendelea kwamba mmoja wao akiwa chini ya umri huo siku ya kuungana, muungano huo si ndoa. Basi, wanauliza, binti aliyetwaliwa akiwa na miaka 15, akazaa, akauza samaki na kujenga nyumba, halafu mwanamume akafa, abaki na nini? Wanapendekeza ndoa kama hiyo ihesabiwe halali mpaka binti mwenyewe atakapoomba mahakama iivunje. Akiitaka, aibakize. Asipoitaka, aikane.

Hoja hii ina huruma, na wanaoitoa wameketi na wajane halisi. Hata hivyo naamini imekosea, na jioni ya leo nitaeleza kwa nini. Habari za sheria saba za zamani zilizounganishwa mwaka 2014 tunazijua sote, kwa hiyo nazipita. Swali la Waislamu na kifungu cha 49 linastahili mhadhara wake. Nitasema tu kwamba Ibara ya 24 ya Katiba, inayoruhusu sheria ya Kiislamu mbele ya Kadhi, inalegeza kanuni za usawa peke yake. Haki za mtoto zilizo katika Ibara ya 53 haikuzigusa.

Tuanze na mfano, maana hoja za sheria hupimwa kwa watu. Tuseme binti amezaliwa Machi 2004 karibu na Usenge. Desemba 2019, akiwa na miaka 15, jagam analeta posa. Mama anapokea fedha za ayie, baba anapokea ng'ombe wawili, na binti anahamia kwa mvuvi mwenye umri wa miaka 31. Mwaka 2020 anajifungua. Machi 2022 anatimiza miaka 18. Juni 2024 mvuvi anafariki akiacha mashua mbili, nyavu, na vyumba vya kupangisha Nyalenda, hapa mjini Kisumu. Baada ya mazishi mashemeji wanamwambia afungashe virago, kwa kuwa hakuwahi kuwa mke.

Wenzangu wanatazama Juni 2024 na kusema: mnaona? Mimi nawaomba warudi Desemba 2019 na kuisoma hoja yao kuanzia siku hiyo. Ndoa inayongoja kuvunjwa ni ndoa kamili mpaka ivunjwe. Siku binti anapovuka kizingiti, mwanamume anakuwa mume. Sheria ya Makosa ya Kimapenzi ya mwaka 2006 inamwadhibu anayemnajisi mtoto wa miaka 12 hadi 15 kwa kifungo kisichopungua miaka 20, na wa miaka 16 au 17 kwa kisichopungua miaka 15. Lakini sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 43, inapoeleza kitendo kisicho halali ni kipi, inawatenga watu waliooana kihalali. Leo mvuvi wetu hawezi kujificha humo, kwa sababu hakuna ndoa. Mpe ndoa inayongoja kuvunjwa, na wakili wake atasimama kortini na hoja ambayo leo hana.

Hili si jambo la kudhani. India ilipitisha sheria ya kuzuia ndoa za watoto mwaka 2006, ikachagua njia hiyo hiyo inayopendekezwa kwetu: ndoa ya mtoto inabaki mpaka aliyekuwa mtoto aikane, na ana muda hadi miaka miwili baada ya kufikia utu uzima. Wakati huo huo sheria yao ya jinai ilimsamehe mume aliyemwingilia mkewe, mradi mke awe ametimiza miaka 15. Vifungu hivyo viwili vilikaa pamoja mpaka tarehe 11 Oktoba 2017, Mahakama ya Juu ya India ilipoamua katika shauri la Independent Thought kwamba msamaha huo usimguse mke aliye chini ya miaka 18. Kwa karibu miaka kumi binti wa miaka 16 alikuwa mtoto katika sheria moja na mke katika nyingine. Wahindi wenyewe waliona udhaifu wa njia yao, kwa maana sheria yao inasema ndoa ya mtoto aliyetekwa au kuuzwa si ndoa tangu mwanzo.

Sasa tuitazame haki hiyo ya kukana. Kwetu, anayeomba ndoa ibatilishwe sharti afike mahakamani ndani ya mwaka mmoja tangu kufunga ndoa, kwa mujibu wa kifungu cha 73 cha Sheria ya Ndoa. Binti wetu angefikisha mwaka huo Desemba 2020, akiwa na miaka 16 na mtoto mchanga mgongoni. Wenzangu watajibu kwamba muda unaweza kuongezwa. Sawa, tuuongeze hadi miaka 20. Nani atampa nauli ya kwenda Bondo au Siaya? Nani atamwandikia ombi? Ombi lenyewe litamshtaki mtu anayemlisha, na ng'ombe wamo katika zizi la baba yake. Haki inayosubiri mtu dhaifu kuliko wote nyumbani ainuke kwanza hufaidi wenye nguvu. Sheria ya sasa haimdai binti hatua yoyote ili asiwe mke.

Dada ya baba yangu alitwaliwa hivyo, ufukweni upande wa Asembo, zamani za wazazi wetu. Waliomwoa hawakuwa watu wabaya, naye hakuwahi kuwasema vibaya. Nilipokuwa mwanafunzi wa sheria nilimuuliza kama angeenda mahakamani laiti angeruhusiwa. Akaniuliza ningemtaka akamshtaki nani, kaka yake au baba wa watoto wake. Sijapata jibu bora zaidi ya swali hilo kwa hoja ya kumwachia binti achague.

Linabaki swali la mali, na hapo ndipo wenzangu wana nguvu. Marekebisho ya Sheria ya Mirathi ya mwaka 2021 yanasema mwenzi ni yule anayetambuliwa na Sheria ya Ndoa. Kwa tafsiri hiyo mjane wetu hayumo. Je, ametupwa?

Naomba tukae kidogo na hukumu moja ninayoithamini kuliko zote za miaka ya karibuni. Ni ya Mahakama ya Juu ya Kenya ya tarehe 27 Januari 2023, katika shauri la MNK dhidi ya POM. Mwanamume na mwanamke waliishi pamoja miaka mingi, wakapata nyumba za kupangisha, kisha wakagombana. Mahakama ya Rufaa ilikuwa imewadhania kuwa mume na mke na kuwagawia nusu kwa nusu. Mahakama ya Juu ikakataa. Ikaorodhesha masharti ya kudhania ndoa, na mawili kati yake ndiyo yanayotuhusu: kila mmoja awe na uwezo wa kisheria wa kuoa au kuolewa, na kila mmoja awe ameridhia. Mwanamke huyo alikuwa na ndoa nyingine, kwa hiyo hakuwa na uwezo huo, hata angeishi na mwenzake miaka mingapi.

Ninachokipenda ni hatua iliyofuata. Majaji hawakufunga faili. Waliuliza nani alichangia nini, wakamhesabu mwenye hati kuwa anashikilia sehemu ya mali kwa niaba ya mwenzake, wakagawa asilimia 70 kwa mwanamke na 30 kwa mwanamume. Waliitenga haki ya jasho na hadhi ya ndoa. Huo ndio mlango ambao wenzangu wanasema haupo.

Turudi kwa mjane wetu na tuhesabu. Miaka kuanzia Desemba 2019 hadi Machi 2022 haimsaidii mtu kudai ndoa, kwa sababu hakuwa na uwezo wa kuolewa. Kuanzia Machi 2022 hadi Juni 2024 uwezo anao, lakini ni miaka miwili na ushei tu, na lazima aliyekuwa mtoto aonyeshe kwamba aliridhia akiwa mtu mzima. Je, baada ya 2022 jamaa walirudi, wakaketi upya, naye akakubali mbele ya mashahidi? Kama ndivyo, ndoa ya kimila ilianza siku hiyo. Kama sivyo, anadai sehemu yake ya vyumba vya Nyalenda kwa kuonyesha fedha za samaki alizoweka, risiti za mabati, mafundi aliowalipa na wapangaji waliomkabidhi kodi. Mtoto wake haguswi na lolote kati ya haya: Ibara ya 53 inamdai baba malezi awe ameoa au hajaoa, na mirathi inamtambua kama mtoto mwingine yeyote wa marehemu.

Lipo pia jambo ambalo mashemeji hawakulitarajia. Kama hakuna ndoa, hawana mjane wa kumrithisha kwa jater. Ng'ombe wa mwaka 2019 walitolewa kwa jambo ambalo sheria inaliita kosa, na kifungu cha 87 cha Sheria ya Ndoa kinaliwekea kifungo kisichozidi miaka mitano au faini isiyozidi shilingi milioni moja, au vyote viwili. Kwa maoni yangu mahakama isimsaidie yeyote kudai ng'ombe hao warudi.

Nakiri kwamba njia hii ina ugumu, na ugumu mkubwa ni ushahidi wa umri. Cheti cha kuzaliwa mara nyingi huchukuliwa miaka mingi baadaye. Daktari anayepima meno na mifupa hutoa makadirio, na makadirio yanayosema kati ya miaka 16 na 18 yanaacha pengo ambalo mshtakiwa atapita. Ndiyo maana mahakama hupokea pia kadi ya kliniki, kadi ya ubatizo, rejista ya shule na maneno ya mama. Ugumu huo lakini ungekuwepo hata kwa ndoa inayongoja kuvunjwa, kwa kuwa huko nako lazima umri uthibitishwe, tena na binti mwenyewe.

Tanzania imeonyesha pia kwamba hukumu peke yake haitoshi. Mwaka 2016, katika shauri la Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu vinavyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, au hata 14 kwa idhini ya mahakama, vinapingana na katiba. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufaa ikakubali. Bunge ndilo lililobaki kuandika.

Na letu liandike. Katika shauri la MNK majaji wenyewe walilihimiza Bunge litunge sheria kuhusu wanaoishi pamoja bila ndoa. Humo kiwekwe kifungu kimoja kwa ajili ya aliyetwaliwa akiwa mtoto: yeye peke yake, wala si mwanamume au jamaa zake, aweze kudai matunzo na sehemu ya mali, muda wake wa kudai uanze kuhesabika akiwa mtu mzima, na madai hayo yasiwe kinga ya mtu yeyote mbele ya sheria ya jinai. Alipwe jasho lake lote. Lakini kilichofanyika Desemba 2019 kisiitwe ndoa, hata kwa siku moja, hata kwa nia ya kumhurumia.