Lebo Mbili za Bei: Ipi Nafuu?

Msikilizaji, tuchukulie lebo mbili za dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, kila chupa shilingi 3,000. Ya kwanza ina mililita 750, ya pili lita nzima. Kwa mililita moja, ya kwanza ni shilingi 4 na ya pili ni 3, hivyo ya pili yaonekana nafuu. Lakini tugeuze chupa tusome nguvu ya dawa: ya kwanza asilimia 4, ya pili asilimia 2. Kumbe ya kwanza imebeba mililita 30 za dawa yenyewe, ya pili 20 tu. Kinachobaki ni maji hasa.

Wapo watakaosema dawa kali huharibu nguo. Ni kweli ikimwagwa hivihivi, lakini huchanganywa na maji kwa kipimo kilichoandikwa. Pingamizi zito zaidi ni muda, kwa kuwa klorini hupungua nguvu kwa joto na mwanga. Kwa hiyo chupa ya kwanza ndiyo nafuu, mradi tarehe ya kutengenezwa ni ya karibuni na chupa haikuanikwa juani dukani.